Riali 1,875: Kikomo cha Mzigo wa Anayerudi Safari Mwaka 2023

Katika mwezi wa Novemba mwaka 2023 jirani zetu wa Kenya walizozana kwa siku kadhaa juu ya masanduku yao. Wasafiri waliolalamika kwamba mizigo yao inapekuliwa uwanjani walijibiwa na Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo kwamba kikomo cha bidhaa ambazo mkaazi anayerudi kutoka nje anaweza kuingia nazo bila ushuru wakati huo ni dola 500 za Kimarekani, na kwamba kinachozidi hapo hutozwa. Wengi waliipokea kauli hiyo kana kwamba ni sheria iliyotungwa wiki ile. Hata hapa kwetu tuliulizwa na waumini kadhaa wanaojiandaa kwa Umra iwapo Tanzania nayo itafuata.

Jibu ni kwamba Tanzania haina cha kufuata, kwa sababu sheria ni moja. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na msamaha wa msafiri umo katika Jedwali la Tano la sheria hiyo. Ilipotungwa, kikomo kilikuwa dola 300. Baadaye kikapandishwa hadi 500, na hicho ndicho kilichokuwa kikitumika mwaka 2023. Kwa hiyo anayeshuka Dar es Salaam na anayeshuka Nairobi wanapimwa kwa kipimo kimoja, ingawa kila mmoja atalipa kwa shilingi ya kwao na kwa kodi za ndani za kwao.

Tumeona tulitazame jambo hili kwa kirefu kidogo wiki hii, kwa kuwa kila msimu wa Umra na likizo huacha nyuma yake manung'uniko ya aina moja: fulani alirudi na mizigo, akazuiwa forodhani, akalipa, na sasa yeye na jirani aliyemwagiza hawasalimiani vizuri. Manung'uniko hayo aghalabu hayatokani na ukali wa afisa. Yanatokana na hesabu ambayo haikufanywa pale ilipopaswa kufanywa, yaani dukani, fedha zikiwa bado mkononi.

Tuanze na jambo lenyewe la fedha. Kikomo kimetajwa kwa dola. Msafiri ananunua kwa riali ya Saudia au dirhamu ya Imarati. Kodi inalipwa kwa shilingi. Mtu anayejaribu kuzibeba fedha tatu kichwani huku muuzaji akimngoja huchoka mapema, akaamua kununua tu na liwalo na liwe. Lakini ipo njia nyepesi sana. Riali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu mwaka 1986, kwa kiwango cha riali 3.75 kwa dola moja. Dirhamu ya Imarati nayo imefungwa tangu mwaka 1997, kwa dirhamu 3.6725. Maana yake ni kwamba dola 500 ni riali 1,875, leo na kesho, wala haisogei. Kwa dirhamu ni 1,836 na senti chache. Msafiri akiandika nambari hiyo moja nyuma ya daftari lake kabla ya kuondoka, hahitaji tena kuijua bei ya dola kila anapoingia dukani. Atajumlisha risiti zake kwa riali, na kwa kikomo cha mwaka 2023 akikaribia 1,875 atajua kwamba ameufikia ukingo.

Kinachosogea ni shilingi. Tazama mfano wa Kenya: mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za huko, hivyo kikomo kilikuwa kama shilingi 61,500. Kufikia Novemba mwaka huo dola ilikuwa imepanda hadi kama 152, na kikomo kilekile kikawa shilingi 76,000. Aliyejifunza kikomo kwa shilingi mwezi Januari na kukikariri hivyo alikuwa na nambari isiyo sahihi mwaka mzima. Kwetu Tanzania, tukichukua dola kwa shilingi 2,500 kwa urahisi wa hesabu, kikomo hicho kilikuwa shilingi 1,250,000. Nambari hiyo tunaitaja ili msomaji apate picha tu; ya kukariri ni ile ya riali.

Lakini kujua kikomo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayowakwaza watu wetu hasa, ni kujua vitu gani vinahesabiwa ndani yake, vipi haviingii kabisa, na vipi vina kipimo chao cha pembeni.

Nguo za kuvaa za msafiri mwenyewe na vyombo vyake binafsi alivyokuwa akivitumia havina mjadala. Kanzu ulizoondoka nazo, simu yako ya siku zote, miwani, mkoba, vyote hivyo havigusi kikomo. Tahadhari ni kwa kitu cha thamani kinachoonekana kipya, kama kompyuta ya mkononi au kamera iliyonunuliwa Kariakoo wiki moja kabla ya safari. Afisa hawezi kujua kwa kukitazama kwamba hakikununuliwa Jeddah. Chukua risiti yako ya hapa nyumbani, au kionyeshe forodhani kabla ya kuondoka, na uhifadhi uthibitisho wake. Karatasi hiyo moja huokoa maelezo mengi.

Vitu vipya ambavyo msafiri amevinunua kwa matumizi yake au ya nyumba yake ndivyo vinavyoingia katika kikomo. Sharti ni kwamba viwe mali yake, viwe vimefuatana naye safarini, visiwe vya kuuza, na awe amekaa nje ya nchi za Jumuiya zaidi ya saa 24. Aidha sheria inampa afisa mamlaka ya kutazama aina na kiasi. Mtu mmoja mwenye blenda moja anaaminika kuwa anakwenda kusaga matunda nyumbani kwake. Mwenye blenda sita za aina moja, zikiwa bado ndani ya maboksi yake, ana kazi ya kueleza, hata kama zote kwa pamoja hazifiki kikomo.

Manukato yana kipimo chake cha peke yake. Msafiri aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa manukato na maji ya manukato yasiyozidi nusu lita kwa jumla, na katika hiyo nusu lita manukato yenyewe yasizidi robo. Hiki ni kipimo cha ujazo, wala hakihesabiwi kwa dola. Mafuta ya udi na miski ambayo mahujaji hurudi nayo katika vichupa yako katika kundi hili, na mtoto mliyesafiri naye hana fungu lake hapo. Vichupa kumi vya mililita 12 ni mililita 120. Hiyo ni salama. Anayerudi na boksi zima la vichupa mia ameingia katika biashara, apende asipende.

Kisha kuna vitu ambavyo msamaha haviwafikii kamwe, na hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Sheria inataja kitambaa kilicho katika jora, yaani kitambaa ambacho hakijakatwa na kushonwa. Hata kikiwa cha dola ishirini, hakiingii katika msamaha. Inataja pia bidhaa za biashara na zile zilizokusudiwa kuuzwa au kuwafikia watu wengine. Maneno haya ya mwisho ni mapana. Yakisomwa kwa ukali yanaweza kugusa hata zawadi, na hapo tunarudi kwenye kiasi na busara ya afisa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji kusomwa kwa ukali, nacho ni agizo. Jirani amekupa fedha zake, ukamnunulia baibui, ukaiweka sandukuni kwako. Baibui hiyo si mali yako. Sharti la kwanza la msamaha limekwisha kuvunjika kabla hujafika uwanjani, hata kama kikomo chako kipo wazi chote.

Sasa tuchukue mfano mmoja, kwa kikomo cha mwaka 2023, tuufuate hadi mwisho. Ni mfano tulioutunga, lakini kila kilichomo ndani yake tumekwisha kukiona katika masanduku ya watu wetu. Mama wa nyumba amekwenda Umra kwa siku kumi na anarudi Dar es Salaam. Amenunua mashine ya kukanda unga kwa riali 1,125, na seti ya sufuria kwa riali 600. Amenunua mabaibui sita, kila moja riali 150: matatu ni yake, na matatu ni maagizo ya majirani waliompa fedha kabla hajaondoka. Amechukua jora moja la kitambaa kwa riali 375, kwa ajili ya sare za arusi ya mdogo wake. Ana vichupa kumi vya manukato vya riali 300 kwa jumla. Ana tende kidogo, na ana ile chupa ya Zamzam ya lita tano, ambayo kwa bei yake haijapata kuwa ndiyo inayomvusha mtu kikomo.

Manukato tumekwisha kuyaona: mililita 120, yamo ndani ya kipimo chake, tuyaweke pembeni. Vilivyobaki ambavyo ni mali yake na vinastahili msamaha ni mashine, sufuria na mabaibui yake matatu. Kwa dola ni 300, na 160, na 120. Jumla ni dola 580. Amezidi kwa dola 80.

Katika hesabu yetu tunaweka ndani ya kikomo vile vitu vizima vinavyoenea humo, na vilivyobaki tunavitoza. Mashine na sufuria ni dola 460, vinaenea. Mabaibui yake matatu yanabaki nje. Yanaungana na mabaibui matatu ya maagizo, ambayo hayakuwa na haki ya kuingia, na jora, ambalo nalo halikuwa na haki. Mabaibui sita ni dola 240, jora ni dola 100. Kinachotozwa ni dola 340.

Hapo ndipo shilingi inapoingia. Kwa kiwango chetu cha 2,500, dola 340 ni shilingi 850,000. Nguo zilizoshonwa na vitambaa, katika jedwali la pamoja la ushuru la Jumuiya linalotumika tangu Julai 2022, viko katika ngazi ya juu ya asilimia 35. Bidhaa nyingi nyingine zilizokamilika, kama vyombo vya jikoni, ziko katika asilimia 25. Nchi mwanachama huweza kupewa ruhusa ya kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja, kwa hiyo si vibaya kuuliza. Asilimia 35 ya 850,000 ni shilingi 297,500. Huo ndio ushuru wa forodha.

Juu yake inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Na hapa watu wengi hukosea, hata wale waliosoma. Hujumlisha 35 na 18 wakapata 53, wakaamini wataacha asilimia 53 ya bei. Sivyo. Kodi ya ongezeko la thamani haikatwi kwenye bei ya dukani peke yake. Inakatwa kwenye bei pamoja na ushuru uliokwisha kuongezwa. Kwa hiyo tunachukua 850,000 na 297,500, jumla yake 1,147,500, kisha asilimia 18 ya hiyo, ambayo ni shilingi 206,550. Ukijumlisha kodi zote mbili unapata shilingi 504,050. Hiyo ni zaidi ya asilimia 59 ya bei ya bidhaa. Kwa vitu vya ngazi ya asilimia 25, hesabu hiyohiyo inaleta asilimia 47 na nusu. Tumeziacha tozo nyingine ndogo za uingizaji bidhaa, kama ile ya maendeleo ya reli, ili zisituchanganyie picha. Akikutana nazo katika karatasi yake asishangae, ni ndogo mbele ya hizi mbili.

Mama huyu, basi, anatakiwa kutoa zaidi ya nusu milioni, na pengine mfukoni amebakiwa na nauli ya teksi.

Ukiigawa ile 504,050 kwa wenyewe, utaona jambo ambalo jumla inalificha. Kila baibui ni dola 40, sawa na shilingi 100,000, na kodi yake ni 59,300. Mabaibui yake matatu yamemletea kodi ya shilingi 177,900. Mabaibui ya majirani yamemletea kiasi hichohicho, 177,900. Jora limeleta 148,250. Wale majirani watatu kila mmoja alitoa riali 150 na akafurahi kwamba amepata baibui ya Makka kwa shilingi laki moja. Kumbe gharama yake hadi mlangoni ni 159,300. Nani analipa ile tofauti?

Swali hili huletwa mbele yetu kama ugomvi, ilhali lilipaswa kuwa mazungumzo ya dakika tano kabla ya safari. Aliyeagiza ndiye mwenye mali, na ushuru ni gharama ya mali. Kwa kadiri tunavyoona sisi, gharama hiyo ni yake, kama vile nauli ya mzigo ingekuwa yake lau angeutuma kwa meli. Lakini aliyebeba naye ana wajibu wake: kusema mapema. Mtu aliyekubali agizo kwa tabasamu, kisha akarudi na bili ambayo hakuitaja, ni vigumu kumlaumu mwenzake akinung'unika. Tunachowashauri wasafiri wa mtaani kwetu ni kumwambia muagizaji hivi: "Dada yangu, nitakuletea, lakini uweke pembeni elfu sitini za forodha. Zisipohitajika, nitakurejeshea." Akisita, basi na agizo lisite. Tunaongeza kwamba asiyeyabeba maagizo kabisa amejipunguzia pia kazi ya kueleza kwa nini mtu mmoja ana mabaibui sita ya vipimo vinne tofauti.

Turudi dukani, Makka, na ile nambari ya riali 1,875. Mama wa mfano wetu alipokwisha kununua mashine ya 1,125 na sufuria za 600, alikuwa amefika 1,725. Zilibaki riali 150, ambayo ni bei ya baibui moja haswa. Angechukua moja na kuziacha mbili, angekuwa amesimama kwenye dola 500 kamili, na msamaha ulikuwa wa thamani isiyozidi dola 500, kwa hiyo angepita. Kuyaacha mabaibui mawili kungemwokolea shilingi 118,600 za kodi, mbali na bei yake ya dukani. Uamuzi wa namna hiyo haufanyiki tena mtu akiwa amesimama mbele ya meza ya ukaguzi.

Je, kubahatisha bei ya dola kunasaidia? Wapo wanaokwenda duka hili na lile la kubadilishia fedha wakidhani wakipata dola rahisi watapunguza na ushuru. Hapana uhusiano. Thamani hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango kinachotumika forodhani siku ya tathmini, si kwa kile ulichopatana na mwenye duka la fedha. Na hata kiwango hicho kikisogea kidogo, athari yake ni ndogo: kingekuwa 2,520 badala ya 2,500, mama yetu angelipa kama shilingi 508,000, yaani nyongeza ya elfu nne. Baibui moja ya ziada ina uzito mara kumi na zaidi ya hapo.

Limebaki suala la risiti. Msingi wa tathmini ni bei iliyolipwa kweli, na risiti ndiyo shahidi wake. Asiye na risiti hukadiriwa kwa bei ya bidhaa za namna hiyo, na hana cha kupingia. Kwa hiyo zihifadhini katika bahasha moja ndani ya begi la mkononi, msiziache katika sanduku lililofungwa kwa kamba. Wapo pia wauzaji wanaojitolea kuandika risiti ya nusu bei, na wapo wasafiri wanaoiona hiyo kuwa ni ihsani. Hiyo ni hati ya uongo. Sheria hiihii ya forodha, kwa anayetoa tamko la uongo na kutiwa hatiani, imeweka kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000, na bidhaa zenyewe zaweza kutaifishwa. Mtu ametoka kufanya ibada, anarudi na karatasi ya kudanganya mfukoni, tena kwa ajili ya sufuria. Hatuna la kuongeza.

Katika viwanja vingi kuna njia mbili za kutokea: ya kijani kwa asiye na cha kutamka, na nyekundu kwa aliye nacho. Kupita ya kijani ni tamko, hata kama hukufungua kinywa. Mwenye jora, au mwenye maagizo, au aliyepita kikomo, njia yake ni nyekundu. Pale ataonyesha vitu vyake na risiti, na aombe tathmini iliyoandikwa: thamani kwa fedha ya kigeni, kiwango cha kubadilishia, thamani kwa shilingi, asilimia ya ushuru, na kodi ya ongezeko la thamani. Akiisoma karatasi hiyo kwa mfuatano huohuo ataweza kuikagua mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Makosa mawili huonekana upesi: kitu cha ngazi ya 25 kuandikwa 35, na vitu vyake vilivyotumika kuingizwa katika jumla. Aseme palepale, kwa adabu. Mara nyingi jambo humalizika hapo. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, na risiti hutolewa. Fedha taslimu inayotoka mkono kwa mkono bila karatasi si ushuru, na tusiiite ushuru.

Asiye na fedha siku hiyo haimlazimu kuacha kila kitu. Vile vilivyosamehewa ni vyake, ataondoka navyo. Vinavyodaiwa ndivyo vinavyobaki chini ya ulinzi wa forodha hadi alipie, naye adai hati ya kuonyesha vimewekwa. Asikawie sana, kwa kuwa mali inayokaa bila kulipiwa mwishowe huweza kuuzwa. Na asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 tangu alipopewa uamuzi huo kumwandikia Kamishna wa Forodha aupitie upya, akiambatanisha tathmini na risiti zake. Ndiyo maana tumesisitiza karatasi. Malalamiko yasiyo na tathmini iliyoandikwa hayana pa kuanzia.

Familia zinazosafiri pamoja hutuuliza kama kikomo kinaweza kuunganishwa. Sheria inasema ni kwa kila msafiri, na kwamba bidhaa iwe mali ya abiria mwenyewe. Kwa kikomo cha mwaka 2023, mume na mke wenye vyombo vya dola 400 kila mmoja, kila mmoja alisimama na vyake. Lakini kitu kimoja cha dola 900 hakigeuki kuwa vitu viwili vya 450 kwa sababu wenyewe wameoana. Kina bei moja na risiti moja. Wanaotaka kununua kitu kinachozidi kikomo wajue tangu dukani kwamba watakilipia, wakichukue bei yake, waongeze karibu nusu yake kwa kodi ikiwa ni chombo cha ngazi ya 25, kisha waulize kinauzwaje Kariakoo. Mara kadhaa tumefanya hesabu hiyo pamoja na wasafiri wetu kabla ya kuondoka, na Kariakoo ikashinda.

Wanaoondoka na msafara wa Rajabu wameomba tuwabandikie nambari hizi kwenye ubao wa matangazo wa msikiti. Tutaziweka baada ya swala ya Ijumaa: riali 1,875, dirhamu 1,836 za kikomo cha mwaka 2023, na chini yake, kwa herufi kubwa, kwamba jora na maagizo hayamo.